Kamisheni ya Septemba, malipo ya Novemba

Arusha, jioni, 31 Oktoba

Nimefunga hesabu za mawakala, na ninaandika hapa jambo linalozua maneno kila mwezi: wakala ameuza Septemba, kwa nini analipwa Novemba?

Tuchukue ankara moja. Wakala aliuza matenki ya maji kwa duka la Karatu tarehe 18 Septemba, jumla shilingi 2,360,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. VAT si mauzo yetu, kwa hiyo gawanya kwa 1.18, upate 2,000,000. Kamisheni ya asilimia 5 ni 100,000. Anayekokotoa kwenye jumla yote anapata 118,000, na hizo 18,000 zinatoka mfukoni mwa kampuni.

Tarehe 30 Septemba iliingizwa gharama ya kamisheni 100,000 upande wa debiti, na kamisheni iliyolimbikizwa, yaani ile inayosubiri mteja alipe, upande wa krediti. Kazi ya kuuza ilifanyika Septemba, basi gharama ikae na mauzo yake. Ukiisubirisha hadi siku ya malipo, faida ya Septemba inavimba, na Novemba inabeba mzigo usio wake.

Tarehe 24 Oktoba duka lililipa 1,180,000, nusu ya deni. Hapo nusu ya kamisheni, 50,000, huhama kutoka kamisheni iliyolimbikizwa kwenda kamisheni ya kulipwa, na wakala ataipokea Novemba, mwezi unaofuata pesa kuingia. Gharama haiguswi tena. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuiandika upya siku ya kulipa, gharama ikaonekana mara mbili huku limbikizo likibaki palepale.

Siku nne baadaye duka likarudisha matenki ya 236,000, yaani 200,000 bila VAT. Krediti noti ilipotoka, kamisheni ya 10,000 ilipaswa kufutwa: debiti limbikizo, krediti gharama. Hatua hii husahaulika kwa sababu krediti noti hutengenezwa na watu wa stoo, na karatasi ya kamisheni iko kwa mhasibu.

Kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua deni lililobaki, 944,000, gawanya kwa 1.18, zidisha kwa asilimia 5: 40,000. Limbikizo nalo lisome 100,000 toa 50,000 toa 10,000, yaani 40,000. Likisoma 50,000, tafuta mzigo uliorudishwa. Likisoma pungufu, kuna kamisheni iliyoachiliwa kabla pesa haijaingia, mara nyingi kwa hundi ambayo benki haijaipitisha.

Linalobaki ni tarehe. Leo wakala ameleta simu yake: "Dada, Karatu wametuma nyingine, meseji hii hapa." Meseji ni ya mteja kutuma; kwenye taarifa ya benki yetu pesa haijaonekana. Mkataba wake unasema inayohesabiwa ni tarehe ya pesa kuingia akaunti. Ikiingia kesho, kamisheni yake ni ya Desemba, nami nimemwonyesha kifungu hicho kabla hajaondoka.