Karafuu

Jana binti yangu alikuwa akipika pilau. Alipozikaanga karafuu, nilitoka nje nikasimama kwa muda. Mume wangu anajua sababu.

Ile oda ya hoteli ilinikuta nikitengeneza sabuni jikoni mwetu Kayole, mafuta kilo 5 kwa mkupuo, vipande sitini na kitu. Wao walitaka 1,000, vyenye harufu ya karafuu, kwa wiki sita. Nikakubali kabla sijapiga hesabu. Sabuni ya kuchanganya bila moto hukaa wiki nne ikikauka, kwa hiyo nilibaki na wiki mbili tu za kumimina. Nikaamua kufanya mikupuo minne, kila mmoja kilo 20 za mafuta: 14 ya mawese, 6 ya nazi. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, karibu kilo 3. Usiku nilikuwa naota namba.

Mkupuo wa kwanza nilitia gramu 300 za mafuta ya karafuu, nikidhani oda kubwa inataka harufu kubwa. Uji ulikuwa laini, unang'aa kama kastadi. Nikamimina karafuu, nikakoroga na mashine ya mkono mara mbili, tatu, na mashine ikalia kwa sauti nzito. Nilipoiinua, ndoo nayo iliinuka. Kilo 29, maji yakiwemo, zilikuwa zimeganda kama ugali wa jana, moto ndani, na huku juu mafuta yakichuruzika pembeni. Nilibaki na mwiko mkononi nikiutazama ule ugali wenye harufu ya pilau.

"Mama Brayo," jirani akaniita kutoka mlangoni, "leo kuna sherehe?"

Iliyoganda hivyo haijaharibika, ila lazima ipikwe. Shida ni kwamba sufuria kubwa zote za ploti yetu ni za alumini, na kostiki huila alumini: inachemka, inatoa gesi, na sufuria inageuka nyeusi. Niliazima stenlesi mbili ndogo, nikapika kidogo kidogo hadi saa tisa usiku, nikiongeza maji kwa kijiko. Kila sufuria niligusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Ikipiga kama betri, kostiki bado ipo. Isipopiga, imeiva.

Mikupuo mitatu iliyobaki nilitia karafuu gramu 100, mafuta yakiwa yamepoa, mwisho kabisa, na kukoroga kwa mwiko tu. Ilitoka laini.

Ile iliyopikwa ilikuwa na mabonge, kama ukuta ambao haujapigwa lipu. Nilimpigia meneja nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Leta zote." Walilipa zote, hata zile mbaya, na hawakuagiza tena. Sijui kama ni kwa sababu ya yale mabonge au nilichelewa kumwambia. Zilizokuwa mbaya ndizo zilizotoa povu zuri zaidi, lakini nani angeniamini?