Mshale wa sekunde ulipoanza kuruka nne nne

Saa yangu ya mkononi, ya kwatzi, ilianza kituko: mshale wa sekunde unasimama kama umekufa, kisha unaruka alama nne kwa mpigo na kusimama tena. Nikailinganisha na saa ya simu asubuhi na jioni. Haikuchelewa hata kidogo. Hapo nikajua mota na giya ni nzima, maana saa yenye uchafu ndani au koili mbovu hupoteza dakika.

Kuruka huko kumewekwa makusudi. Ndani kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na chipu hugawa mitetemo hiyo hadi kupata msukumo mmoja wa umeme kila sekunde. Msukumo huo ndio unaosogeza mota hatua moja. Volti ya betri ikishuka chini ya kiwango fulani, chipu huzuia misukumo mitatu, kisha huitoa minne kwa kufuatana haraka. Mara 15 kwa dakika, hatua ni zile zile 60, ndiyo maana majira hayapotei. Umeme hauokolewi hapo. Ni taarifa tu kwa mwenye saa. Si kila saa ya kwatzi inayo, nyingine huzimika bila kuaga.

Kilichonishangaza ni kwamba betri ilikuwa bado changa. Nilipobandua mfuniko wa nyuma nikakuta imeandikwa LR626, wakati maelezo ya saa yanataka SR626SW, ambayo pia huitwa 377. Umbo ni lile lile na zinaingia bila shida, lakini LR ni ya alkalaini na SR ni ya oksidi ya fedha. Ya oksidi ya fedha hukaa karibu na volti 1.55 karibu maisha yake yote, kisha huporomoka mwishoni. Ya alkalaini huanza na 1.5 na kushuka polepole tangu siku za mwanzo. Chipu haijui chaji iliyobaki ni kiasi gani. Inaangalia volti tu. Kwa hiyo onyo lilikuja mapema, betri ikiwa bado na uhai.

Niliitoa kwa kibanio cha plastiki, kwani cha chuma kikigusa pande zote mbili kinaipiga shoti. Nikaweka SR626SW, upande wa jumlisha juu, nikapangusa ule mpira mwembamba wa kuzuia maji na kuurudisha kwenye mfereji wake kabla ya kubana mfuniko. Mshale ukarudi kutembea sekunde moja moja.

Baridi nayo hushusha volti. Betri ikikaribia mwisho, mshale unaweza kuruka nne nne alfajiri na kutulia saa ikipata joto la mkono. Betri hiyo nayo ni ya kubadilishwa, kwa sababu betri iliyoisha ikiachwa ndani huvuja na kula vishikizo vyake.