Nilivyoziba boriti ya baraza iliyokuwa ikimwaga zege

Boriti ya baraza nyumbani kwa mama, Tukuyu, niliiziba mara mbili. Mara ya kwanza nilikwangua kutu iliyoonekana kwa mbele, nikapiga plasta na kupaka rangi. Masika yaliyofuata kipande kizima kikadondoka kando ya kiti chake. "Wewe mwanangu ulipaka poda tu," akaniambia.

Nilipokiokota kile kipande nikakuta mgongoni kina alama ya nondo, na alama hiyo imejaa unga wa kutu. Kutu hushika nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo ile niliyoiacha nyuma ya nondo iliendelea kuvimba na kusukuma plasta. Chanzo chake kilikuwa gata lililotoboka juu ya boriti, na zege lililofunika nondo halikuzidi sentimita moja. Nikaanza na gata.

Safari hii kabla ya kugonga chochote tuliweka mirunda minne ya milingoti chini ya boriti. Kisha nikapita na nyundo ndogo nikigonga polepole. Zege zima hulia kavu na kali, lililoachia hulia kama debe. Sehemu ya debe ilikuwa ndefu mara mbili ya ile iliyoonekana kwa macho. Kwa tindo nikalitoa lote, nikaendelea mpaka kidole kikapita nyuma ya nondo, nafasi ya sentimita mbili hivi, nikazifuata nondo hadi palipo na chuma kisicho na kutu. Kingo nikazikata wima, maana kiraka kinachoisha kwa wembamba hubanduka pembeni.

Jumamosi jioni nilisugua nondo kwa brashi ya waya, mbele na nyuma, zikang'aa. Jumapili asubuhi zilikuwa za rangi ya chungwa tena! Unyevu wa huku haungoji mtu. Nikasugua upya, na saa hiyohiyo nikapaka uji mzito wa saruji. Rangi ya mafuta sikuitaka, kwa sababu zege haliishiki vizuri.

Nondo moja ya milimita 12 ilikuwa imebaki 10. Ukiitazama utaona ni kidogo, lakini karibu theluthi ya chuma imeshaliwa. Nikafunga nondo mpya pembeni yake, ikipita sehemu iliyoliwa kwa sentimita 60 kila upande. Kwa hilo ilibidi nichimbe zaidi, mikono ikaniuma wiki nzima.

Zege la zamani nililowesha, nikasubiri maji ya juu yakauke, nikapaka uji wa saruji. Kabla haujakauka nikabandika mota, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga uliooshwa, maji kidogo kiasi kwamba ukiifinya inashikana bila kuchuruzika. Niliisukuma kwa vidole nyuma ya nondo kwanza, kisha tabaka za sentimita mbili, kila moja nikiichanachana ili inayofuata ishike.

Magunia mabichi na nailoni vilikaa siku saba. Mirunda niliiacha wiki nne, kwa kuwa ilikuwa Julai na baridi huchelewesha saruji. Masika yamepita, nimegonga tena kwa nyundo, na pote panalia kavu isipokuwa kona moja ya kushoto, kama kiganja. Hiyo nitaifungua kiangazi.