Siku moja maishani mwangu: kusoma kromosomu Nairobi

Nikisema nafanya kazi maabara, watu huuliza kama ni ya malaria au ya sukari. Mimi husoma kromosomu, vile vinyuzi vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi wetu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni maji ya uzazi yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwa mama mjamzito, na ninachotafuta ni mtoto ana kromosomu ngapi na zimekaaje. Naandika kwa sababu wazazi wengi hufika wakiamini kwamba jibu limetolewa na mashine. Limetolewa na mtu aliyekaa kwenye hadubini, na wana haki ya kujua mtu huyo alikuwa akitazama nini. Mambo ya familia nitakayoisimulia nimeyabadilisha kiasi, asitambulike mtu.

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai nafungua inkubeta. Ndani ni nyuzi 37, joto la mwili, na humo seli za watoto zinaota kwenye vyombo vyake. Zile zilizoongezeka vya kutosha nazitia kolsemidi, dawa inayozisimamisha katikati ya kugawanyika, maana hapo tu ndipo kromosomu hujikunja zikawa nene na kuonekana. Kisha chumvi nyepesi ya kuvimbisha seli, kisha methanoli na asidi ya siki, sehemu 3 kwa 1. Yote haya nayafanya huku mawazo yako kwingine.

Saa 3. Kudondosha kwenye slaidi ndiko kunakotaka akili. Tone likikauka haraka mno, kromosomu hubaki zimerundikana. Likichelewa, seli hupasuka na kromosomu za seli moja huchanganyikana na za jirani. Msimu wa mvua na msimu wa baridi ya Julai haudondoshi kwa namna moja. Baadaye tripsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, sekunde chache tu, halafu rangi ya Giemsa. Tripsini ikipungua, kromosomu hutoka nyeusi tupu bila mistari. Ikizidi, hufura na kingo zake huonekana kama zimetafunwa.

Simu ya kwanza imeingia nikiwa na slaidi mkononi. Ni dada wa mapokezi wa kliniki fulani, anataka majibu ya sampuli niliyoipokea Ijumaa. Nimemweleza kwamba seli za maji ya uzazi huhitaji kama siku 7 hadi 14 kuota. Kapiga tena baada ya nusu saa, safari hii akasema mgonjwa ameshalipa. Naelewa, mama yule hapati usingizi na lawama zinaishia kwa dada wa mapokezi. Lakini seli haziharakishwi kwa kulipiwa, na nikivuna kabla ya wakati nitapata seli 3 zinazosomeka badala ya 20, kisha tutalazimika kumchoma mama sindano tena.

Saa 4 na nusu. Nimefungua sampuli ya mama wa miaka 38, mwalimu wa shule ya msingi, mimba ya wiki 18. Alikuwa amepima damu, kile kipimo kinachosoma vipande vya DNA ya mimba vinavyoelea kwenye damu ya mama, kikasema uwezekano wa sindromu ya Down ni mkubwa. Vipande vile hutoka kwenye kondo, na mara nyingine kondo huwa na kasoro ambayo mtoto hana. Ndiyo maana kipimo hicho hubashiri tu, na wiki ya 16 daktari akavuta maji ili kuhakikisha.

Seli ya kwanza iliyo wazi: nahesabu 47. Nahesabu tena, kwa sababu kromosomu 2 zilizolaliana huonekana 1, na 1 iliyotoroka kutoka seli ya pembeni huongeza hesabu. Bado 47.

Hapo kompyuta inapiga picha na mimi naanza kuoanisha. Natazama mambo 3: urefu, mahali ilipobanwa kama kiuno, ambapo tunapaita sentromia, na mpangilio wa mistari myeusi na myeupe. Kubwa hujipanga haraka. Namba 1, 2 na 3 hazinisumbui hata kidogo. Katikati kuna kundi la 6 hadi 12 pamoja na X, zote za ukubwa unaokaribiana, na hapo ni mistari tu inayoziachanisha. Nimeona X moja, kwa hiyo natafuta Y huko mwisho kwenye vidogo.

Mtoto wa kiume wa kawaida ana vidogo 5 pale chini: 21 mbili, 22 mbili, na Y. Huyu anavyo 6. Nani kazidi? Y naitambua kwa mkono mrefu ambao ncha yake ni nyeusi. 22 ni nyeupe kwa sehemu kubwa, na mstari hafifu katikati ya mkono mrefu. 21 ina mstari mnene mweusi karibu kabisa na sentromia, huwezi kuukosa. Nimeweka 22 mbili, nikaweka Y. Zimebaki 3, zote zina ule mstari mnene.

(Kwa kawaida namba hufuata ukubwa, lakini 21 ni ndogo kuliko 22. Ilipokuja kujulikana, tayari kila kitabu kilikuwa kimeandika trisomia 21, yaani 21 zikiwa tatu, ikaachwa hivyo.)

Seli moja haitoshi kumwambia mzazi kitu. Nimehesabu seli 20, nusu kutoka chombo kimoja na nusu kutoka kingine kilichooteshwa kando, ili kuona kama mtoto ana mchanganyiko wa seli za 46 na za 47. Zote 20 ni 47. Y nayo imenithibitishia kwamba sisomi seli za mama zilizoingia na sindano. Angekuwa msichana, hilo ningelipima kwa njia nyingine. Mwenzangu kasoma peke yake bila kuambiwa nimeona nini, akaandika kilekile: 47,XY,+21.

Saa 8 mchana. Daktari wake huniomba nishuke nieleze picha mwenyewe. Washauri wa jenetiki ni wachache hapa kwetu, na wazazi wakipewa karatasi yenye herufi na koma wanaondoka na hofu tu. Yupo Mwalimu, yupo mumewe, na mama mkwe ambaye Mwalimu mwenyewe aliomba aingie.

Daktari kawaambia jibu kwanza, kwa sentensi moja, kisha akanyamaza. Nimejifunza kwake kutotoa picha wakati huo. Mtu akiwa analia haoni mistari. Tumekaa hadi Mwalimu mwenyewe aliposema, "Nionyesheni."

Nimeweka picha mezani. Nikawaambia kila mtu ana jozi 23, kila jozi moja ya mama na moja ya baba. Nikamwomba baba aanze namba 1 aende akihesabu kwa kidole. Kahesabu polepole, mbili, mbili, mbili, mpaka mstari wa mwisho. Kidole kikasimama. "Hapa ni tatu."

"Ndiyo, baba. Hiyo ni namba 21."

"Na hii ya mwisho mbona hazifanani?"

"Hizo ni X na Y. Ni mvulana."

Mama mkwe akainama juu ya picha. "Mwanangu, hicho kimoja hakiwezi kutolewa?"

"Hapana, nyanya. Nimeangalia seli 20 na kimo katika zote. Kilikuwemo tangu yai na mbegu vilipokutana, na kila seli iliyozaliwa baadaye imekinakili."

Mwalimu akauliza swali nililokuwa nalisubiri, kwa sababu halikosekani. Alikuwa amechoma sindano ya uzazi wa mpango kwa miaka kadhaa, na mtu wa ukoo alishamwambia ndiyo iliyoharibu. Nikamwambia siyo sindano, siyo dawa ya nywele, siyo chakula, na hakuna aliyemroga. Mayai ya mwanamke huanza kutengenezwa yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Ndani yake jozi za kromosomu hukaa zimeshikana miaka yote hiyo, zikingoja yai lipevuke ndipo ziachane. Miaka ikienda mshiko huo hulegea, na mara nyingine zote 2 huenda upande mmoja. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano wa kupata mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama 1 kati ya 1,250. Wa miaka 40, kama 1 kati ya 100. Mara chache hutokea upande wa mbegu ya baba. Picha hii haisemi ilitoka kwa nani, na nikamtazama mumewe nilipolisema hilo.

"Basi wa baadaye pia atakuwa hivi?" akauliza baba.

Hapa ndipo picha inapozidi kile kipimo cha damu. Damu ilisema 21 imezidi. Haikusema imezidi vipi. Nikawaonyesha kwamba hizi 3 zimesimama kila moja peke yake. Kuna watoto wachache, 3 au 4 kati ya 100 wenye sindromu hii, ambao ukihesabu unapata 46, lakini ukisoma mistari unakuta 21 ya ziada imegandana na nyingine, mara nyingi namba 14. Hapo tungechukua damu ya wazazi wote 2, maana mmoja wao anaweza kuwa mzima kabisa huku amebeba muunganiko huo. Mama akiwa ndiye aliyeubeba, uwezekano kwa kila mimba ni kama 10 hadi 15 kati ya 100. Kwao hakuna muunganiko. Damu yao haina haja ya kupimwa, na uwezekano wa kurudia ni kama 1 kati ya 100, au ule wa umri wa mama ukiwa mkubwa zaidi.

"Atakuwa mgonjwa kiasi gani?" Mwalimu aliuliza akiikunja leso.

Nikamwambia kweli: hilo siwezi kulisoma hapa. Watoto wenye picha hii hii hutofautiana sana katika kujifunza, kusema na afya. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na moyo huonekana kwa skani, hauonekani kwenye kromosomu. Daktari akaandika skani ya moyo palepale, na akawaambia kwamba mengine ya mimba hii watayazungumza naye wakiwa wawili tu, siku watakayotaka.

Niliambiwa dakika 30. Nilitoka karibu saa 10.

Chakula cha mchana kilikuwa kimepoa, nikala hivyo hivyo. Simu ya yule dada imeingia tena, nikampa jibu lile lile. Jioni sijui ni saa ngapi, macho yanawasha, nakuta sampuli nyingine: seli moja kati ya 20 ina namba 20 ya ziada, zilizobaki ni sawa. Mara nyingi hilo hutokea ndani ya chombo wakati seli zinaota, na mtoto hana neno. Lakini siwezi kuandika "mara nyingi" kwenye ripoti, kwa hiyo nimechukua slaidi za chombo cha pili na kuanza kuhesabu upya, seli baada ya seli. Zote zimekuwa 46. Nimeziacha kwa mwenzangu wa asubuhi azisome naye, ripoti isitoke kabla.