Wengi wako wapi, mwanangu?

Leo siku ya tano na sauti ya yule bibi haijanitoka. Nikichota maji, ipo. Nikimwogesha mdogo, ipo. Jumamosi kaka ameoa kule Kasulu, Baba akacheza mpaka kofia ikadondoka, na orodha ya uhamisho niliyoingoja tangu mwaka jana imetoka bila jina langu. Hayo yote yamepita. Bibi hajapita.

Mnakumbuka niliwaambia nina mkutano na kina mama wakaushaji dagaa. Tulichagua siku za mbalamwezi makusudi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inalala nchi kavu, na wanaoanika wanapata nafasi ya kukaa. Walikuja kama arobaini, wakaketi chini ya mwembe. Nyuma yao palikuwa na mabaki ya mzigo wa juzi, yametandazwa mchangani, yanang'aa kama sarafu.

Nilikuwa nimejiandaa, na ndilo linaloniuma. Kwenye daftari niliandika: uliza nani anaanika mchangani, wanyooshe, kisha sema, "Naona ni wengi, basi leo tuzungumzie vichanja." Nikauliza. Hakuna mkono hata mmoja. Kimya, ziwa tu linapiga ufukweni. Na mdomo wangu, kwa kuwa ulikuwa umeshakariri, ukasema:

"Naona ni wengi."

Bibi mmoja wa mbele, kanga kichwani, akageuka taratibu akatazama nyuma, akanirudia.

"Wengi wako wapi, mwanangu? Umewaona kwa macho ya nani?"

Walicheka wote. Nami nilicheka, kicheko kile cha mtu aliyekanyaga ndizi. Nusu saa iliyobaki niliongea na migongo ya watu.

Usiku ule nilimlaumu bibi. Dagaa wao walikuwa mchangani, mbele ya macho yangu, kwa nini wananyamaza? Kesho yake nikiwa napika ndipo nilipoona. Mimi ni afisa. Nimefika na daftari, nimesimama, nimewaambia kila mmoja ajitangaze mbele ya wenzake na mbele ya mteja wake kwamba dagaa wake ana mchanga. Mkono ule haukuwa jibu, ulikuwa ungamo. Tena hata wangenyoosha, ningekuwa na jibu moja tu, maana niliandika tokeo moja. Swali ambalo matokeo yake yote yanaishia kwenye sentensi ileile halikuwa swali, ni pambo la kufungulia mkutano.

Kwa hiyo Alhamisi, kwenye mwalo mwingine, nilikaa na daftari upya. Kwanza nikabadili swali. Badala ya "nani anaanika mchangani", ambalo linamuuliza mtu ni wa aina gani, nikaandika: "Wiki hii, nani ilimlazimu kumwaga dagaa chini, hata mara moja?" Neno "ilimlazimu" linampa mtu pa kujificha bila kusema uongo. Na wiki hii mtu anaikumbuka. Ukimuuliza kawaida yake, atakupa unachotaka kusikia.

Kisha nikagawa ukurasa mara nne. Wakinyoosha wengi, nitasema: "Basi tuko pamoja. Nani atuambie siku hiyo ilikuwaje, mzigo ulizidi au vichanja havikutosha?" Wakinyoosha wachache, siwashambulii wale wachache, nawageukia wengine: "Ambao hamkumwaga chini, mlipata wapi pa kuanika?" Wakiwa nusu kwa nusu, nawaachia dakika mbili wazungumze na aliyeketi pembeni, maana hapo mafunzo yapo tayari kikaoni na mimi nazuia njia tu. Asiponyoosha mtu, hiyo ndiyo niliyoikosa ile siku, nasema bila kununa: "Hakuna mkono, basi swali langu lilikuwa gumu kujibu hadharani. Niulize hivi: nani amewahi kula dagaa akatafuna mchanga?" Hapo muuzaji anageuka mlaji, na mlaji hana aibu.

Kila sentensi niliisoma kwa sauti, kisha nikasoma ile inayofuata kwenye mazungumzo, kuona kama zinashikana. Zote nne zilipaswa kufika mahali pamoja: kwamba dagaa aliyeinuliwa juu ya wavu wa kichanja hupigwa na upepo chini na juu, hakai kwenye unyevu wa ardhi, na mchanga haumfikii. Ile ya nusu kwa nusu haikufika. Nikaongeza, "Mmoja atuambie alichosikia kwa jirani," ndipo ikashika.

Mambo mengine ni ya mwili. Niliuliza huku mkono wangu mwenyewe uko juu, ili wajue ni mkono unaotakiwa, si kuitikia. Nilihesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kuongea, na tano ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa umesimama peke yako. Kisha nikasema nilichokiona kwa sauti, kwa sababu wa mbele hawaoni nyuma: "Ni kama theluthi, wengi upande wa mitumbwi." Halafu, "Asanteni, shusheni." Ukisahau kuwashusha, mikono inabaki inaelea na watu wanaacha kukusikiliza.

Ilikuwa theluthi kweli. Nikawageukia wale ambao hawakunyoosha, kama nilivyoandika, nikauliza mlipata wapi pa kuanika. Ndipo mama mmoja ambaye mkono wake nilikuwa nimeuona juu akaunyoosha tena.

"Mama, si ulinyoosha kwenye swali la kwanza?"

"Nilinyoosha, dada. Nina vichanja viwili. Vikijaa, unaobaki namwaga chini. Sasa mimi ni wa upande gani?"

Hilo sikuliandika. Daftari langu lilidhani watu ni wa kichanja au wa mchanga, kumbe mtu mmoja ni wote wawili kwa asubuhi moja, inategemea mtumbwi umekuja na nini. Nikafunga daftari, tukazungumza jambo moja tu kwa saa nzima: mzigo ukizidi, nani anatangulia kwenye kichanja, na kama majirani wanaweza kuazimana nafasi. Nilicheka njia nzima ya kurudi, na safari hii cha kweli.

Ofisini wameniuliza ile theluthi ni asilimia ngapi, waiweke kwenye taarifa. Nimekataa. Mikono ya mkutanoni ni ya kuniambia niseme nini baada ya sekunde tano. Mtu hushusha akiona jirani kashusha, mwingine hunyoosha kwa sababu mdogo wake kanyoosha. Na wakiwa chini ya kumi siwanyooshishi mikono kabisa, nawauliza mmoja mmoja kwa majina yao.

Ijumaa nilipita kwa yule bibi kununua kisado. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akanipimia, akaongeza kiganja kimoja juu.

"Leo unawaona wangapi?"

"Namwona mmoja tu, bibi."

Mzigo wake ulikuwa chini, mchangani. Sikuuliza kitu.

Sasa ninachowaza ni mwembe wa nyumbani kwa Baba, Ujiji. Umezidi kuinama upande wa choo cha jirani, mizizi ya upande mmoja imeanza kuonekana, na Baba anasema uliinama hivyohivyo tangu yeye kijana. Jana jioni wingu lilikuwa limetanda upande wa Kongo.