Siku moja na mbu wa Malindi

Saa 12 asubuhi. Nimebisha hodi kwenye nyumba ya makuti huko Ganda, tochi mkononi na kifyonza mbu shingoni. Mama mwenye nyumba amekwisha kuondoa chandarua. Mbu walioshiba damu bado wametulia ukutani.

"Wote hawa ni wa malaria, mwanangu?"

"La, mama. Hebu mtazame huyu." Nikamulika pembeni. Mmoja alikuwa amepinda mgongo, tumbo likienda sambamba na ukuta. Huyo ni kuleksi. Jirani yake alikuwa ameinua mkia, mdomo, kifua na tumbo vimenyooka mstari mmoja, mfano wa msumari uliopigiliwa mshazari. Huyo ndiye anofelesi, mbu wa malaria. Nimewanyonya wote nikawatia kwenye vikombe vya wavu.

Saa 3. Mashimo ya udongo wa kujengea yamejaa maji ya mvua. Nimeteka kwa kata taratibu, kisha nikaisimamisha bila kuitikisa. Viluwiluwi wakishtuka huzama, na kwa haraka hiyo wengi huandika "hakuna kitu". Dakika mbili baadaye wakapanda: wamelala bapa juu ya maji. Anofelesi hana mrija wa kupumulia, hivyo hulazimika kulaza mwili wote usoni pa maji apate hewa.

Saa 5, mjini. Shimo la maji machafu, harufu kali. Hapa viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, mrija wa mkiani umegusa uso wa maji. Kuleksi, bila shaka.

Saa 8 mchana, mezani. Hapa ndipo penye kazi. Mbu wamekwisha kufa, mkao hausaidii tena, na madoa ya mabawa yamepukutika kwenye kifyonza. Kinachobaki ni palpi, zile nyuzi mbili zilizo kando ya mdomo. Jike la anofelesi anazo ndefu sawa na mdomo; jike la kuleksi anazo fupi mno.

Kijana ninayemfundisha ameandika anofelesi 9. Nimewapitia kwa darubini. Watatu wana palpi ndefu kweli, lakini antena zao zimejaa manyoya kama brashi ya chupa. Hao ni madume, na dume la kuleksi naye ana palpi ndefu! Nimemwonyesha ncha: dume la anofelesi ncha zake zimevimba kama rungu, na hawa watatu hawana rungu, zimechongoka zina nywele tu.

"Kwa hiyo nianzie kwenye antena?"

"Antena kwanza, daima. Ukishajua dume au jike, ndipo upime palpi."

Saa 10. Fomu imesahihishwa: anofelesi 6, wote majike. Wale watatu wamehamia kwenye safu ya kuleksi, na kijana ameandika upya lebo za vichupa kwa penseli, kwa kuwa wino hufutwa na spiriti.