Shilingi 1,200 za kamba

Nahodha mmoja wa Shela alichukua kamba dukani kwangu, hapa Lamu, akasema pesa atatuma. Jioni sikuona ujumbe. Siku ya tatu nikamdai. "Dada, wallahi nimetuma. Angalia simu yako vizuri." Nikaangalia mbele yake, hakuna kitu, na yakanitoka maneno ambayo nisingependa kuyaandika hapa.

Usiku nikaomba taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima kwa *334#, nikakaa na daftari.

Kwanza nililinganisha kiasi na saa, nikajichanganya. Wanaonilipa 500 kwa siku ni wengi, na saa ya ujumbe kuingia kwenye simu si saa ya muamala. Kuna malipo ya Jumatatu saa tatu usiku ambayo ujumbe wake uliingia Jumanne alfajiri, kwa sababu simu ilikuwa imezima kwa kuisha chaji. Nikaacha saa, nikashika namba ya muamala: zile herufi na tarakimu 10 zinazoanza ujumbe, ambazo kwenye taarifa ziko chini ya Receipt No. Kila iliyopatana, naitia vema.

Mistari miwili yenye namba moja ilinishtua. Fundi nilimtumia 3,000, mbona namba yake imejirudia? Kumbe mstari wa pili ni ada, shilingi 53, ambayo kwenye ujumbe imo humo humo. Malipo yaliyorudiwa kweli yalikuwa mengine: mteja mmoja, 650 mara mbili, dakika mbili kati yake, namba mbili tofauti. Alidhani ya kwanza haikwenda. Nikamrudishia.

Ya nahodha niliipata kwa salio. Kila ujumbe hutaja salio jipya, kwa hiyo ukizipanga jumbe kwa saa ya muamala, salio la mmoja lazima likupeleke kwenye la unaofuata. Ujumbe mmoja wa siku ile uliniachia 14,250. Uliofuata ulisema nimepokea 800, salio 16,250. Piga hesabu: ilipaswa kuwa 15,050. Zimezidi 1,200 ambazo ujumbe haukuzitaja. Kwenye taarifa, ambayo mpya huwa juu na ilibidi niisome kutoka chini kwenda juu, kati ya mistari ile miwili palikuwa na wa tatu: saa kumi na dakika 18 alasiri, Paid In 1,200.00, na jina lake.

Ujumbe ulikwenda wapi? Mwanangu alikiri asubuhi kwamba alifuta jumbe "za zamani" apate nafasi ya michezo.

Nikamfuata nahodha gatini, nikamwonyesha mstari wenyewe kwenye simu. Aliutazama kwa muda, akacheka, akasema basi fidia yake ni nusu kilo ya misumari. Nikampimia.